Tupeane uzoefu: swichi inasema 180, je ndani ya oveni kuna ngapi?

MwokajiJinja
Keki ikipasuka juu huku katikati ni mbichi, tunalaumu unga, mayai, hata aliyeifunga oveni kwa nguvu. Mara nyingi kosa ni namba za swichi. Naomba kila mmoja aeleze alivyoipima oveni yake na anavyogeuza mapishi. Naanza na oveni ya umeme isiyo na feni.

Kipimajoto ni kile cha mshale cha kusimamisha au kuning'iniza, kinapatikana kwenye maduka ya vifaa vya keki. Kiweke katikati ya rafu ya kati, kisiguse ukuta wala kukaribia koili. Toa trei zote. Washa 180. Taa ikizimika usisome bado, kwa sababu hewa imeshapata moto lakini kuta bado zinanyonya joto, na mshale wenyewe ni mzito kusogea. Ngoja nusu saa zaidi. Halafu soma mara sita, kila baada ya dakika 7 hivi, kupitia kioo, ukimulika kwa tochi ya simu. Mlango usifunguliwe.

Masomo niliyoandika: 212, 196, 208, 194, 210, 198. Jumla 1,218, gawanya kwa sita unapata 203. Kwa hiyo inazidi kwa digrii 23. Ukisoma mara moja tu ungeondoka na 212 au 194, ukadhani una oveni mbili tofauti. Themostati inazima na kuwasha, joto linapanda na kushuka, na keki inaiva kwa wastani wake.

MamaKeki_Arua
Asante. Basi kazi imeisha: ikizidi 23, mapishi yakisema 180 weka 157. Mapishi yakisema 220 weka 197.

FundiMajiko
Nusu yake ni kweli, mama. Kosa halikai sawa kote kwenye swichi. Mpime pia 150 na 220. Mfano wa oveni kama hiyo ya Jinja: kwenye 150 ndani ni 165, kwenye 180 ni 203, kwenye 220 ni 251. Kosa linakua kutoka 15 hadi 23 hadi 31.

Sasa unataka 180 halisi ndani. Iko kati ya 165 na 203. Swichi ikipanda digrii 30, ndani panapanda 38. Kutoka 165 hadi 180 zinahitajika 15, na 15 kwa hesabu hiyo ni kama 12 za swichi. Weka 162. Ukiweka 157 utapata kama 174, keki itachelewa kuiva na kukauka pembeni. Andika namba hizo tatu kwenye kipande cha karatasi, bandika ndani ya mlango wa kabati. Usiandike kwenye oveni yenyewe, mvuke na mafuta vitafuta.

KijanaWaKabale
Kipimajoto changu nimekihakikisha kwanza kwenye maji yanayochemka, kimeonyesha 94. Kinapungukiwa 6, kwa hiyo ninaongeza 6 kwa kila ninachosoma. Sivyo?

FundiMajiko
Hapana kijana, hapo umekikosea. Kabale iko juu sana, karibu mita 2,000. Huko maji hayafiki 100, yanachemka karibu na 93 au 94. Hata Kampala ni karibu 96 tu. Kipimajoto chako kimesema kweli, wewe ndiye unayekiharibia hesabu. Ukitaka kukihakiki bila kujali mlima, tumia barafu: jaza kikombe barafu iliyosagwa, ongeza maji kidogo, koroga, ngoja dakika tatu, kinatakiwa kusoma 0. Lakini hii ni kwa kile cha kuchomeka tu. Cha mshale cha oveni usikitie majini, maji yakiingia ndani ya uso wake hakitasomeka tena, na wala namba zake nyingi hazianzii 0.

KijanaWaKabale
Changu ni cha kuchomeka nyamani. Kina waya wa plastiki.

FundiMajiko
Basi angalia kwenye mwili wake kimeandikwa mwisho ngapi. Vingi vya nyama haviruhusiwi kubaki ndani ya oveni, plastiki inayeyuka. Nunua cha mshale.

NyaboWaNtinda
Jamani, mimi changu kinasoma 350! Nimezima na kuchomoa waya ukutani. Oveni imeharibika?

MwokajiJinja
Nyabo, tazama duara mbili za namba. Moja ni Farenhaiti, nyingine ni Selsiasi. 350 ya Farenhaiti ni kama 177 ya Selsiasi. Oveni yako ni nzima, tena karibu sana na ilivyotakiwa. Rudisha waya.

NyaboWaNtinda
Ee. Nilikuwa nasoma namba kubwa za nje.

KasukuKasese
Kwa nini msitumie ile bunduki ya kupimia joto? Unaelekeza, unapata namba papo hapo. Yangu inasoma 230 ukutani.

FundiMajiko
Inapima uso wa kitu unachokielekezea, si hewa. Ukuta ulio karibu na koili unaweza kuwa na joto kuliko hewa inayoizunguka keki. Halafu haipiti kioo vizuri, kwa hiyo unafungua mlango, na mlango ukifunguka joto linashuka upesi. Inafaa kulinganisha kona za oveni, haifai kukuambia kama swichi inadanganya.

MamaKeki_Arua
Na jioni je? Nikipima saa mbili usiku taa inachelewa mno kuzimika, mchana inawahi.

FundiMajiko
Jioni umeme hupungua nguvu kwa sababu watu wengi wamewasha. Volti zikishuka kutoka 240 hadi 200, koili inatoa kama theluthi mbili ya nguvu yake. Themostati haibadiliki, itafika pale pale, lakini polepole, na ikifunguliwa inachukua muda kurudi. Kwa hiyo pima mchana, na usihukumu kuwa oveni ni baridi kwa namba za usiku. Ukioka jioni, ongeza muda wa kuipasha kabla ya kuingiza keki, usiongeze namba ya swichi.

MwokajiJinja
Hapo kuna wanaokosea: wanapandisha swichi hadi 200, umeme ukirudi sawa keki inaungua.

KasukuKasese
Oveni nyingine zina skrubu ndogo nyuma ya kirungu cha swichi. Kwa nini msiizungushe tu mkamaliza karatasi hizo?

FundiMajiko
Skrubu inasogeza namba zote pamoja. Kosa likiwa sawa kote, itasaidia. Likikua kama la Jinja, utarekebisha 180 na kuharibu 150. Binafsi sigusi.

KasukuKasese
Mimi ningeigusa. Mikate ni 220 kila siku, 150 ya nini?

MwokajiJinja
Kwa mwokaji wa mikate pekee una hoja. Chomoa kabisa waya ukutani kwanza.

BintiHoima
Samahani, mimi nina oveni ya mkaa, haina swichi. Moto chini kwenye sigiri, makaa juu. Nayo inapimwa?

FundiMajiko
Inapimwa, lakini hapo hakuna kosa la kugundua, kwa sababu hakuna namba iliyoahidiwa. Kipimajoto kikae ndani muda wote, nawe uongoze makaa kwa kukitazama. Kama haina kioo, sijapata njia nzuri.

BintiHoima
Haina kioo. Mlango ni bati.

MamaKeki_Arua
Cha kuchomeka chenye waya wa chuma, uupitishe kwenye tundu dogo la msumari mlangoni?

FundiMajiko
Huenda. Ncha yake isiguse bati. Ukijaribu, tuletee namba.