Fomu ya wageni inatoa 405, imerekebishwa ikatoa 404, na fundi bado anadai pesa yake

Mkaa_Shela:
Jamani nimechoka, acheni niseme. Nina nyumba ya wageni hapa Shela, na kaskazi ndiyo hii, ndio msimu wa kutulisha mwaka mzima. Mgeni anaingia kwenye tovuti, anajaza jina, tarehe, namba ya pasipoti na simu, anabonyeza Tuma. Anachokipata ni ukurasa mweupe umeandikwa `405 Method Not Allowed`. Basi! Hakuna samahani, hakuna "jaribu tena". Nimejua kwa sababu mama mmoja alinipigia kwa hasira na kunitumia picha ya kioo cha simu yake. Je, wale wasiopiga? Wamekwenda nyumba za wenzangu.

Nampigia fundi, ananiambia alipoijaribu yeye ilikubali. Alipoijaribu lini? Siku aliyoitengeneza! Halafu ananikumbusha salio lake. Nimebandika fomu yenyewe hapo chini, anwani nimeibadilisha msije mkanijazia utani.

```html
<form action="https://www.nyumba.example/nafasi" method="post">
```

Nahodha_wa_Manda:
Pole jirani. Nimekutafuta inboksi ukanipa anwani halisi, nimeiandika kwenye brauza na ile `/nafasi` mwishoni. 405 vilevile. Kwa hiyo seva imekufa au imezuia watu. Mwambie fundi abadilishe `post` iwe `get`, mimi niliwahi kufanya hivyo na kosa likaondoka.

BintiMalindi:
Hata mimi huku Malindi nina shida hiyohiyo na fomu ya kibali. Naweka picha ya kitambulisho, inazunguka weee, mwisho inasema faili ni kubwa mno. Hizi fomu zimerogwa.

Kodi_na_Kahawa:
Binti, ya kwako ni nyingine kabisa: seva yako inakataa uzito wa picha. Ipunguze picha ujaribu tena.

Nahodha, jaribio lako halithibitishi kitu. Ukiandika anwani kwenye brauza ukagonga Enter, unachotuma siku zote ni GET, yaani ombi la kuletewa ukurasa. Ile `/nafasi` imeandikwa ipokee POST tu, yaani ombi linalobeba alichojaza mgeni, kwa hiyo ilikuwa lazima ikujibu 405, hata ingekuwa nzima kama siku ilipozaliwa. Tena 405 ni dalili kwamba seva iko hai na anwani inaijua, inachokataa ni namna uliyobishia hodi. Ingekuwa haiijui anwani, kwa kawaida ungeona 404.

Sasa Mkaa, jambo la ajabu ni kwamba fomu yako imeandikwa `post` waziwazi, lakini seva inalalamikia namna ya kutuma. Kuna kitu kinaibadilisha katikati. Hebu niambie, ni kipi kiliguswa karibuni?

Mkaa_Shela:
Hakuna kilichoguswa! Ila fundi aliondoa ile www, maana kibao changu cha gatini kimechorwa bila www na wageni walikuwa wakichanganyikiwa. Hilo nalo litahusiana nini na fomu?

Kodi_na_Kahawa:
Ndilo lenyewe. Fungua ukurasa wa fomu kwenye kompyuta, bonyeza F12, nenda `Network`, weka tiki kwenye `Preserve log`, kisha jaza majina ya uongo utume. Nataka kuona mistari miwili ya `nafasi`.

Mkaa_Shela:
Nimekwenda kwa mpwa wangu mwenye laptop. Hii hapa:

```
POST https://www.nyumba.example/nafasi   301
GET  https://nyumba.example/nafasi       405
```

Kodi_na_Kahawa:
Naam. Soma mstari wa kwanza. Fomu imepeleka POST kwenye anwani ya www, na majina, tarehe, pasipoti, vyote vimo ndani ya mwili wa ombi. Seva haikuvisoma. Imejibu 301, yaani "tumehamia kule kusiko na www". Brauza ikatii. Lakini brauza ikipewa 301 baada ya POST, ombi la pili hulifanya GET na mwili wote huuacha nyuma. Ni mjumbe aliyeambiwa mwenyeji kahama, akaenda nyumba mpya baada ya kuutupa mzigo kwenye mlango wa zamani. Kule mpya kunakubali POST pekee, ndipo 405.

Ndiyo maana fundi hasemi uongo: alipoijaribu, www haikuwa inaelekeza popote. Kosa lake ni kugeuza anwani bila kupitia fomu tena.

Dawa ni kuitoa anwani nzima ndani ya `action`, ibaki njia tu, ili fomu itume kulekule ukurasa ulikofunguliwa.

Na usifuate ushauri wa GET. Kwa GET kila mgeni alichojaza huning'inia kwenye anwani baada ya alama ya kuuliza. Pasipoti za watu zitabaki kwenye historia ya brauza na kwenye kumbukumbu za seva. Na `/nafasi` yako haijaandikwa kuzisoma huko, hivyo 405 ingekuwepo palepale.

Nahodha_wa_Manda:
Yangu ilikuwa fomu ya kutafuta tu, labda ndiyo maana ilikubali. Lakini si afadhali seva ijibu 308 badala ya 301? Nimesoma 308 haibadilishi POST.

Kodi_na_Kahawa:
Hapo umenena. 308 huacha POST ibaki POST na mzigo wake, ipo kwenye viwango rasmi tangu 2015. Mimi bado ningerekebisha fomu kwanza, sipendi pasipoti ya mtu izungushwe milango miwili bila sababu. Wengine watakuambia weka vyote viwili, siwapingi sana.

Mkaa_Shela:
Nimempa fundi maneno yako. Amerekebisha. Sasa ni `404 Not Found`!!! Mnaona? Huyu mtu ananichezea. Ameandika hivi:

```html
<form action="nafasi" method="post">
```

Kodi_na_Kahawa:
Amesahau mkwaju, hii `/`. Fomu yako iko ukurasa gani?

Mkaa_Shela:
`/sw/vyumba/`

Kodi_na_Kahawa:
Bila mkwaju wa mbele, brauza inaunganisha `nafasi` na mahali ukurasa ulipo, inatuma `/sw/vyumba/nafasi`. Huko hakuna kitu. Iwe `action="/nafasi"`, ianzie kwenye mzizi wa tovuti.

Mkaa_Shela:
Imekubali! Nimepata jina, tarehe na pasipoti kwenye barua pepe. Simu ya mgeni haikufika.

Kodi_na_Kahawa:
Tazama hilo kasha la simu kwenye kodi. Nina hakika kiasi kwamba lina `id` lakini halina `name`. Brauza haitumi kasha lisilo na `name`, hata mgeni akilijaza vipi, na wala haitoi onyo.

Mkaa_Shela:
Kweli, `id="simu"` peke yake. Kumbe simu hazijawahi kufika tangu mwanzo, nami nikidhani wageni hawataki kuziandika! Swali langu la mwisho: wale waliojaza wakapata 405, majina yao siwezi kuyapata seva?

Kodi_na_Kahawa:
Kwa kawaida huwezi. Kumbukumbu ya seva huandika saa, anwani na ile 301, mwili wa POST hauandikwi. Utajua wangapi walijaribu na saa ngapi, hutajua ni kina nani.

Nahodha_wa_Manda:
Basi hesabu hizo 301 za POST umkate fundi kwenye salio.

BintiMalindi:
Si haki, kuondoa www aliagizwa. Na mimi picha yangu nimeipunguza, bado inakataa.

Mkaa_Shela:
Niliagiza kuondoa www, sikuagiza kuua fomu. Hizo kumbukumbu nataka anipe kwanza, na `name` ya simu iwekwe, ndipo tuzungumze salio.