Tupeane uzoefu: Kero ya sokoni iliyokupa biashara

Bi Mkunazi, Chake Chake
Nilipotoka eda, mwenye kuwalisha watoto nilikuwa mimi peke yangu. Nikinunua nazi mbili sokoni, nikizipasua nyumbani moja imeoza au imefanya joya, na kesho yake muuzaji hakubali, kwani kifuu hakina jina la duka. Jioni moja ya Ramadhani muhogo umo chunguni, adhana imekaribia na tui sina. Nililia juu ya mbuzi. Ndipo nikawaza kwamba nazi nizinunue mimi kwa jumla, nizipasue mbele ya mteja, anuse maji yake, kisha nimkunie. Mbovu ni hasara yangu.

Hasara hiyo lazima iingie katika bei. Nikinunua nazi 50 kwa shilingi 1,000 kila moja na nne zikatoka mbovu, zile 46 zimenigharimu karibu 1,087 moja moja. Nikiuza 1,300 hubakia 9,800, na humo ndimo mnatoka gari na kodi ya meza. Vifuu nawauzia wakaanga samaki.

Shoga wa Wete
Ya joya nimeyaona, shoga. Wanangu huyala kwa furaha, lakini mchuzi hauyataki.

Babu wa Micheweni
Nazi hutikiswa. Ikilia maji ni nzima. Anayepata mbovu hajui kununua.

Mkwezi
Shikamoo, babu. Isiyolia ni ya kuacha, hilo ni kweli, lakini hata inayolia huweza kuwa imepata ufa mwembamba ilipoangushwa, ikaanza kuharibika ndani. Tazameni na macho yake. Yakiwa na unyevu au ukungu, iacheni.

Babu wa Micheweni
Nimekula nazi kabla hujazaliwa.

Fundi Mkoani
Bi Mkunazi, nunua mashine, uzikune alfajiri, uzifunge vifurushi.

Mama Ntilie Darajani
Usithubutu! Mdogo wangu alisukuma kipande kwa kidole, mashine ikamvuta. Damu ilijaa kwenye beseni, watu wakapiga kelele, na mwenye mashine alikuwa anatafuta swichi upande wa pili wa meza. Kucha haikurudi sawa. Tena mashine hukuna mpaka ganda la kahawia, tui likawa na rangi ya vumbi.

Fundi Mkoani
Hilo ni kosa la mkunaji, si la mashine. Tumia kijiti cha kusukumia, na swichi iwe karibu na mkono.

Mgeni
Kwani mjane akiwa edani haruhusiwi kwenda sokoni?

Shoga wa Wete
Ameshasema alikuwa ametoka eda, mwanangu. Soma tena.

Bi Mkunazi, Chake Chake
Kukuna alfajiri sikubali, kaka fundi. Kwa joto letu nazi iliyokunwa mapema huanza kuteleza na kutoa harufu ya uchachu kabla ya wateja wa jioni, na barafu huichelewesha tu. Mimi hukuna mteja akiwa amesimama. Tatizo langu ni Ramadhani, foleni inapofika barabarani na mkono mmoja hautoshi; hapo ndipo mashine hunitamanisha.

Mama Ntilie Darajani
Ajiri kijana mwenye mbuzi wake.

Fundi Mkoani
Kijana naye atataka futari.