MREJESHO: Kiapo cha kuunga mkono maombi (tathmini ya vitendo, Mtwara)

Niliuliza: "Nimepewa kuandaa kiapo cha mkulima wa korosho wa Newala anayeomba kuongezewa muda wa kukata rufaa. Nitatofautishaje ukweli na maoni?"

Wakuu, asanteni sana. Nimefaulu, ila si kwa alama nilizotarajia.

Nilifuata ushauri wa kujiuliza kila aya: mwapaji, yaani mkulima anayeapa, aliliona au alilifanya mwenyewe? Aya ya 5 ilisema, "Nilichelewa kwa sababu za msingi." Hilo ni hitimisho, la hakimu kuamua. Nikaandika: "Tarehe 4 Machi niliomba nakala ya hukumu kwa barua. Nilikabidhiwa tarehe 29 Aprili," na barua nikaiambatisha. Aya iliyosema hukumu ni batili niliiondoa nzima. Hoja za sheria na maombi havikai kwenye kiapo, kama ilivyoelezwa kwenye kesi ya Matovu ya 1966. Msahihishaji alizisifu sehemu hizo.

Nilipoangukia ni uthibitisho, sehemu ya mwisho ambapo mwapaji anaeleza aya zipi anazifahamu mwenyewe na zipi aliambiwa. Aya ya 7 ilihusu karani wa mahakama kumwambia jirani wa mkulima kwamba jalada halionekani, nami nikathibitisha aya zote kuwa "ninazifahamu mwenyewe". Kumbe hayo mkulima aliambiwa na jirani, hivyo nilipaswa kumtaja jirani kama chanzo na kusema mkulima anaamini ni kweli. Tena, habari iliyopita mikono miwili ni dhaifu: jirani angeapa kiapo chake, na karani pia. Dada aliyenionya mapema kuhusu uthibitisho, nisamehe, nilisoma haraka.