Duka la Ngamiani limetangaza friji 150,000, nimefika naambiwa ni kianzio, halafu wanatuomba radhi kwa "changamoto za kimtandao"

Mpangani_Halisi

Wakuu nina hasira mpaka mkono unatetemeka nikiandika hapa. Ijumaa saa 3 usiku nipo zangu Facebook naona peji ya duka moja la vyombo vya umeme pale Ngamiani (jina nalihifadhi), picha ya friji ya milango miwili, maandishi makubwa "ILIKUWA 545,000 SASA 150,000 TU, WAHI KABLA STOKI HAIJAISHA". Mke wangu anauza juisi na barafu, friji letu limekufa tangu Ramadhani, basi nikamkopa shemeji elfu 60 nikaongezea ya kwangu, asubuhi na mapema nikapanda gari Pangani mpaka Tanga mjini.

Nafika dukani tupo watu kama kumi na kitu tunaangaliana. Binti wa kaunta anasema friji ni 545,000 kwa ofa, bei ya kawaida 620,000, hiyo 150,000 ni kianzio cha kukopeshwa. Namwonyesha skrinshoti, anajibu "hiyo posti inajirusha yenyewe, sisi hatujaiandika". Sasa dada, nani kaiandika, jini?

Wanasema Tanga waja leo waondoka leo, kweli nilikuja leo nikaondoka leo, mikono mitupu na nauli imeliwa.

Kilichonichefua zaidi ni msamaha wao. Umekuja saa 8 mchana kwenye status ya WhatsApp peke yake, nanukuu wote: "Ndugu wateja wetu wapendwa, tunaomba radhi kwa usumbufu wowote uliojitokeza kutokana na changamoto za kimtandao. Tunathamini sana uwepo wenu." Basi. Friji halijatajwa, bei haijatajwa, na ile posti kule Facebook bado ipo inashare tu. Nimekomenti "bei hii ni uongo", wamefuta komenti yangu, posti wameiacha!

sauti_ya_Makorora

Hapo umewashika mkuu. Ukishatangaza bei huo ni mkataba, lazima wakuuzie kwa 150,000. Nenda polisi na skrinshoti yako, friji utalibeba jioni.

Baba Nuru

Hilo friji linakula umeme kiasi gani kwa mwezi? Langu la mlango mmoja linanimalizia luku.

Mpangani_Halisi

Baba Nuru, friji SIJANUNUA, soma uzi.

fundi_wa_peji

Mimi kazi yangu ni kuendesha peji za maduka, ngoja nikwambie ninachokiona. Faili lao sijaliona, nakisia kwa tarakimu ulizoleta, ila zinaongea zenyewe.

Rudia posti: ILIKUWA 545,000. Dukani umeambiwa 545,000 ndiyo ofa, na bei ya kawaida ni 620,000. Kwa hiyo haijakosewa bei moja, zote mbili zimesogea hatua moja. Ofa imekaa mahali pa bei ya zamani, kianzio kimekaa mahali pa ofa. Mtu akikosea kuchapa anakosea namba moja, hawezi kukosea kwa mpangilio hivyo. Maduka mengi yana faili la bidhaa, posti inachota namba humo na kujirusha saa iliyopangwa. Inakuwa hivi:

```
jina,lita,bei,ofa,kianzio
Friji milango 2,620000,545000,150000
```

Hesabu vichwa vya juu, vitano. Mstari wa friji una vinne. Mtu kafuta lita, badala ya kuacha nafasi wazi kaifuta na nafasi yake, namba zote zikahamia kushoto. Lita haionekani kwenye tangazo, ndiyo maana hakuna aliyeona friji la lita laki sita na ishirini elfu. Tatizo la mtandao hapo halipo kabisa. Mtandao ungesumbua, posti isingetoka.

Mpangani_Halisi

Aisee. Kwa hiyo "changamoto za kimtandao" ni uongo juu ya uongo.

fundi_wa_peji

Pengine admini mwenyewe hajui, kaandika alichozoea kuandika. Ila msamaha wa namna hiyo unaleta hasara mara mbili, maana aliyeona 150,000 hajaambiwa kuwa si 150,000. Kesho atakuja mwingine kutoka Lushoto.

Mimi kwanza ningesimamisha posti zote zilizobaki kwenye foleni, kwa sababu kama mstari mmoja umehama huenda na mwingine umehama. Kama ile posti imelipiwa tangazo, tangazo lisimame kabla ya yote. Kisha Facebook naingia kwenye posti ileile, nabadilisha maandishi, mstari wa kwanza kabisa: BEI HII ILIKOSEWA. Instagram maandishi yanabadilika lakini picha haibadiliki ukishaiweka, na bei ipo kwenye picha, kule naiondoa naweka nyingine. Ndipo naandika msamaha, na unakwenda kila mahali kosa lilikopita. Status ya WhatsApp wanaiona waliohifadhiana namba na duka, tena inapotea baada ya saa 24. Wewe Facebook ungejuaje?

Wenyewe ningeuandika hivi:

"Ijumaa saa 3 usiku tulitangaza friji ya milango 2 kwa 150,000. Bei hiyo si sahihi, ni kianzio cha kulipa kidogo kidogo. Bei ya ofa ni 545,000. Tulikosea kwenye faili letu la bei na hatukukagua kabla posti haijatoka. Aliyelipa 150,000 akidhani ni bei kamili atarudishiwa yote leo, atuonyeshe ujumbe wa muamala tu. Aliyesafiri kuja dukani kwa sababu ya posti hii apige namba ya kwenye peji, tuongee kuhusu nauli."

tx_Chumbageni

Me naona wangefuta tu fasta, kuiacha ni kuendelea kudanganya.

fundi_wa_peji

Ukifuta, skrinshoti zinabaki kwenye magrupu, na mtu akirudi kwenye peji kuhakikisha hakuti kitu cha kumwambia bei imekosewa. Ila wapo wanaofuta na kuweka tangazo la kusahihisha palepale juu, siwalaumu.

Shangazi wa Deep Sea

Wanangu mimi nauza samaki kwa grupu la WhatsApp. Siku moja niliandika jodari mzima 2,500 badala ya 25,000, sifuri imenidondoka. Dakika 15 za kuhariri zikapita nipo sokoni. Niliporudi nikakuta oda tisa! Watatu wa kwanza niliwauzia hivyohivyo, roho inauma, sita nikawapigia mmoja mmoja. Hakuna aliyenitukana. Ila jodari watatu ni jodari watatu, friji kumi duka linafungwa.

wakili_uchwara

sauti_ya_Makorora unampotosha mwenzio. Tangazo la bei kwa kawaida ni mwaliko tu, wewe ndiye unakwenda kuomba kununua na duka linakubali au linakataa. Na polisi si mahali pake. Tangazo la kupotosha mlaji lipo kwenye Sheria ya Ushindani ya 2003, peleka malalamiko Tume ya Ushindani na skrinshoti yenye saa.

sauti_ya_Makorora

Sawa, na aliyelipa je? Jirani yangu kalipa 150,000 usiku uleule kwa lipa namba, akajibiwa "Asante, oda yako imepokelewa". Hiyo si kukubali?

wakili_uchwara

Hapo mkuu pagumu. Jibu limejituma lenyewe kama posti, duka litasema hakuna mtu aliyekubali. Mie ningeiangalia hiyo risiti kwanza imeandikwa nini.

fundi_wa_peji

Mwambie asikubali pesa igeuzwe kianzio kabla hajaamua mwenyewe. Wengi wanafanyiwa hivyo kimyakimya.

Mpangani_Halisi

Nimewatumia inboksi ule ujumbe wa fundi neno kwa neno. Wamesoma, hawajajibu. Nimetoka kuangalia peji saa hizi, posti bado ipo, na kuna mtu wa Korogwe kauliza "rangi ya silva ipo?", wamemjibu "Ipo boss, karibu dukani".