Hizi grafu za skeli mbili, moja kushoto moja kulia, zipigwe marufuku vikaoni!

Mkerwa wa Nkuhungu:
Wakuu, nimetoka kikaoni hapa Dodoma mjini na hasira zangu, niacheni nizitoe.

Ni mradi wa alizeti, wilaya siitaji. Slaidi ya kwanza tu, grafu moja yenye mistari miwili. Wa bluu ni idadi ya wakulima waliopata mafunzo, namba zake ziko kushoto. Wa machungwa ni magunia kwa ekari, namba zake ziko kulia. Mtoa mada akamulika pale mistari inapokatana, akasema: "Mwaka 2022 ndipo mafunzo yalipoyapita mavuno, na hapo ndipo mabadiliko yalipoanza." Watu wakainamia madaftari wakaandika!

Jamani, watu wanayapitaje magunia? Hivi ukiniambia mbuzi 40 wamezipita lita 38 za maziwa, nitakuelewa?

Nikaomba takwimu zenyewe, nikapewa kwa shingo upande. Hizi hapa, 2020 hadi 2024:

Wakulima: 120, 180, 260, 310, 400
Magunia kwa ekari: 5.0, 5.2, 5.1, 5.4, 5.6

Kushoto skeli inaanza 0 hadi 400. Kulia inaanza 4.5 hadi 6! Yaani nusu gunia imevutwa mpaka inaonekana mlima. Na 2022 mavuno yalishuka, lakini nani aliona wakati macho yote yako kwenye njia panda ya mistari? Aliyekaa nyuma ya ukumbi hata hajui mstari upi unasomwa upande upi. Dada mmoja jirani yangu alisoma magunia kwa namba za kushoto, akaniuliza kwa mshangao kama kweli kuna anayevuna magunia 160 kwa ekari.

Fundi Slaidi:
Mleta uzi umekuza mambo. Kosa ni moja tu, skeli ya kulia haikuanza sifuri. Zote zianze sifuri, mchezo umeisha. Mbona hizo grafu zinatumika dunia nzima?

Bibi Takwimu:
@Fundi Slaidi hapo umepatia nusu, mwanangu. Kuanzia sifuri kunaondoa ule mlima wa uongo. Lakini juu utaishia wapi? Hilo nalo anaamua mchoraji.

Chukua takwimu hizohizo. Kushoto acha 0 hadi 400. Kulia weka 0 hadi 6: mavuno yanakaa juu kabisa karibu muda wote, na mistari inakatana kati ya 2023 na 2024. Sasa kulia weka 0 hadi 20: mavuno yanalala chini, hayakatani na mafunzo hata mara moja. Zote mbili zimeanza sifuri, na hakuna takwimu iliyoguswa. Ile ya kikaoni ilikatana kati ya 2021 na 2022 kwa sababu mtu, au kompyuta yenyewe, ilichagua 4.5 na 6.

Kwa hiyo mahali mistari inapokatana hapana maana yoyote. Hata kule "kupanda pamoja" kunatoka kwenye skeli. Wala si lazima awe mdanganyifu. Excel ikijichagulia skeli, inajaza nafasi tu.

Kijana wa Kizota:
Asanteni wakuu kwa somo zuri. Samahani, hiyo ya kuweka namba kulia kwenye Excel inapatikana wapi? Bosi anaitaka kesho.

Mkerwa wa Nkuhungu:
Mungu wangu. Dogo, soma uzi tena!

Fundi Slaidi:
Haya Bibi, shikamoo na nimekuelewa. Lakini mhisani anataka slaidi moja, aone vitu viwili kwa mkupuo. Tufanyeje sasa?

Bibi Takwimu:
Marahaba. Inategemea unauliza nini.

Kama swali ni kipi kimekua zaidi, fanya mwaka wa kwanza kuwa 100 kwa vyote viwili. Kila namba igawe kwa ya mwaka wa kwanza, zidisha mara 100. Wakulima wanakuwa 100, 150, 217, 258, 333. Magunia yanakuwa 100, 104, 102, 108, 112. Sasa vinakaa kwenye skeli moja kihalali, na hadithi inabadilika kabisa: waliofunzwa wameongezeka zaidi ya mara tatu, mavuno yamepanda asilimia 12. Hilo ndilo mhisani angepaswa kuliona.

Fundi Slaidi:
Hapo mstari wa mavuno utakuwa umelala kama nyoka aliyeshiba. Asilimia 12 kwa mkulima wa Kongwa si kidogo, Bibi. Umeyaficha mavuno kama wao walivyoyakuza.

Bibi Takwimu:
Hoja yako ina uzito. Ndiyo maana mimi mara nyingi nachora grafu mbili fupi, moja juu ya nyingine, slaidi hiyohiyo. Miaka iwe chini, ipangwe wima mmoja, ili 2022 ya juu iwe juu kabisa ya 2022 ya chini. Kila moja na skeli yake upande wa kushoto, na jina limeandikwa mwishoni mwa mstari, si kwenye kisanduku cha rangi pembeni. Waliofunzwa wakiwa juu, mavuno chini, ule mshuko wa 2022 unaonekana bila kutafutwa. Na hakuna mahali pa kukatana, basi hakuna wa kuyatungia maneno.

Mama Zabibu, Hombolo:
Mimi naandika kilo ninazouza na bei ya kilo kila wiki, mwanangu kanichorea hiyo ya mistari miwili. Nilichotaka kujua ni kama zabibu zikijaa sokoni bei yangu inaporomoka. Grafu hainijibu.

Bibi Takwimu:
Dada, wewe achana na mistari. Weka kilo chini, bei pembeni, kila wiki iwe nukta moja. Nukta zikiteremka kuelekea kulia, ujue wiki za kilo nyingi ndizo za bei ndogo. Ila kilo zako peke yako si soko zima. Ukipata hata makadirio ya mzigo ulioingia sokoni, tumia hayo.

Mtabiri wa Makole:
Naona mnataka kutufungia kazi sisi wa hali ya hewa. Grafu ya joto na mvua ya Walter na Lieth ina skeli mbili na haina shida.

Bibi Takwimu:
Kweli, kwa sababu uwiano wake umefungwa: nyuzi 10 za joto zinakaa sawa na milimita 20 za mvua, kila mahali. Mvua ikishuka chini ya mstari wa joto, mwezi huo unahesabiwa mkavu. Kwa Dodoma, Juni hadi Septemba mvua ni karibu sifuri, na joto halichezi mbali na nyuzi 20, kwa hiyo pengo linaonekana waziwazi. Pale kukatana kuna maana kwa kuwa watu walikubaliana kabla ya kuchora. Kwa wakulima na magunia, nani alikubaliana na nani?

Mkerwa wa Nkuhungu:
Nimejaribu ile ya 100, nimekwama. 2020 mvua zilisumbua kijijini kwetu. Nikiufanya mwaka wa 100, si kila mwaka unaofuata utaonekana mzuri?

Bibi Takwimu:
Ndiyo, huo ndio udhaifu wake. Wengine hutumia wastani wa miaka mitatu kabla ya mradi. Mnazo za 2017 hadi 2019?

Mkerwa wa Nkuhungu:
Za mavuno labda kwa afisa ugani wa kata, kwenye daftari. Za mafunzo hazipo, mradi haukuwepo.

Fundi Slaidi:
Basi mafunzo yalikuwa sifuri, na huwezi kugawa kwa sifuri. Mmekwama wote wawili.

Bibi Takwimu:
Kwa mafunzo, ndiyo. Chora grafu mbili.

Kijana wa Kizota:
Nimeipata wakuu, ni Secondary Axis. Imetoka vizuri sana, mistari imekatana katikati kabisa.