Mrejesho: deni la 85,000 katika Mahakama ya Madai Madogo

Niliuliza: "Mteja alichukua mageti mawili ya shilingi 120,000, akalipa 35,000, kisha akanyamaza. Naweza kumshtaki bila wakili?"

Asanteni wakuu, hukumu imepatikana. Hapa Kenya mahakama hii hupokea madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na sheria yake ya 2016 inakuruhusu kujisimamia mwenyewe.

Kwanza mpelekee mdaiwa barua ya madai yenye kiasi kamili na siku ya mwisho ya kulipa. Akipuuza, jaza fomu ya madai kwa hesabu fupi: 120,000 kutoa 35,000, baki 85,000. Ambatisha risiti ya kupokelewa mageti, taarifa ya M-Pesa na ujumbe wake wa "nitamaliza mwisho wa mwezi". Ujumbe huo una uzito mkubwa, kwa sababu ndani yake amekiri deni.

Angalieni sana jina. Duka lililosajiliwa kwa jina la biashara tu si kampuni. Anayeshtakiwa ni mwenye duka, anayefanya biashara kwa jina hilo. Ukikosea, utabaki na hukumu isiyo na wa kuilipa.

Wengi hukwama kwenye kumfikishia mdaiwa hati za kesi. Mdaiwa asipofika, hakimu atataka hati ya kiapo inayoeleza nani alizipeleka, lini, wapi na kwa njia gani. Bila hiyo kesi inaahirishwa hata kama ushahidi wako umekamilika.

Sasa nimeomba dikrii, yaani hati rasmi ya mahakama yenye amri ya hukumu, maana hukumu peke yake haileti pesa. Asipolipa, nitaomba mali yake ikamatwe.