Taarifa za kamisheni za miezi 18: nilipe mwandishi, nitumie Tabula, au Excel?

KaskaziMambrui

Assalaam alaykum wanajukwaa. Mimi ni wakala wa mauzo wa vifaa vya ujenzi hapa Malindi, na eneo langu linaanzia Gede hadi Mambrui. Kampuni ninayoiuzia iko Mombasa, nayo hunitumia taarifa ya kamisheni kila mwezi kwa PDF. Nashuku kwamba viwango wanavyotumia si vile tulivyokubaliana kwenye mkataba. Nataka kuzitoa tarakimu zote kuanzia Januari 2023 hadi Juni 2024 niziweke kwenye jedwali moja nizilinganishe. Kijana mmoja wa mjini ananiomba shilingi 150 kwa ukurasa kuziandika upya, na kurasa ni 72, yaani 10,800. Wengine wananiambia kuna programu ya bure iitwayo Tabula, na wengine wanasema Excel yenyewe inaweza. Naamua kabla ya Ijumaa. Mnanishauri lipi?

BiHesabu_Shela

Wa alaykum salaam, Bwana Kaskazi. Hujatupa yale ambayo jibu linayategemea. Kwanza, ukifungua hizo PDF na kuburuta kipanya juu ya tarakimu, je, zinachagulika moja moja, au ukurasa mzima ni picha? Pili, jedwali la viwango lenyewe liko wapi? Tatu, mkataba unasema kamisheni hukokotolewa kwa mauzo gani: kabla ya VAT au pamoja nayo, yaliyoandikiwa ankara au yaliyokwisha kulipwa na mteja? Bila hayo utatoa tarakimu nzuri usijue uzipime kwa nini.

Wakala_Barani

Ndugu yangu, mimi nina kibanda cha kutuma na kupokea pesa, na kamisheni yangu huja kwa ujumbe wa simu. Nimeona njia rahisi ni kuuomba mtandao wa simu ukutumie jedwali lao la viwango kwa kila kiasi, halafu ulibandike ukutani. Hapana haja ya programu.

BiHesabu_Shela

Bwana Barani, hiyo ni kamisheni ya muamala mmoja mmoja. Mwenzetu kiwango chake hupanda kadiri jumla ya mwezi inavyokua, kwa hiyo muamala mmoja haumwambii kitu mpaka mwezi ufungwe.

NahodhaMstaafu

Mnamchosha bure. Kila taarifa ina jumla ya mauzo na jumla ya kamisheni chini ya ukurasa wa mwisho. Gawanya moja kwa nyingine, utapata asilimia, uitazame kwenye mkataba. Miezi 18 ni kazi ya kikokotoo na kikombe kimoja cha kahawa tungu.

KaskaziMambrui

Ahsanteni. Bi Hesabu, taarifa 14 zinachagulika vizuri. Nne, za Septemba hadi Desemba 2023, ni karatasi zilizopigwa skani. Jedwali la viwango linasema: asilimia 3 kwa mauzo ya mwezi hadi 200,000, asilimia 4 kwa mauzo yanayozidi 200,000 hadi 500,000, asilimia 5 kwa mauzo yanayozidi 500,000. Mauzo ni kabla ya VAT na baada ya kuondoa mali iliyorudishwa. Mzee Nahodha, nimefanya ulivyosema kwa Mei 2024. Mauzo ni 620,000, kamisheni ni 22,800, na wao wenyewe wameandika pembeni 3.7%. Nilistahili asilimia 5, ambayo ni 31,000. Basi wamenipunja 8,200 kwa mwezi mmoja tu!

NahodhaMstaafu

Nilikwambia.

BiHesabu_Shela

Subirini kwanza kabla hamjaandika barua. Viwango vya ngazi vinasomeka kwa namna mbili. Namna ya kwanza ni kwamba ukivuka 500,000, mauzo yote ya mwezi huo hupata asilimia 5. Namna ya pili ni kwamba kila kipande hupata kiwango cha ngazi yake: 200,000 za mwanzo hupata asilimia 3, ambazo ni 6,000, 300,000 zinazofuata hupata asilimia 4, ambazo ni 12,000, na 120,000 zilizobaki hupata asilimia 5, ambazo ni 6,000. Jumla ni 24,000. Kwa namna hii hata kama hakuna kosa lolote, ukigawanya utapata asilimia 3.87, ambayo haimo kabisa kwenye mkataba. Ndiyo sababu njia ya Mzee Nahodha inafaa kuonyesha mwezi wa kutazamwa, lakini haiwezi kusema kama kiwango ni sahihi.

Sasa tafuta mwezi ambao hukufika 500,000 na ambao hukuwahi kuulalamikia, utupe tarakimu zake.

KaskaziMambrui

Februari 2024: mauzo 310,000, kamisheni 10,400.

BiHesabu_Shela

Basi wanakokotoa kwa vipande, maana 6,000 na asilimia 4 ya 110,000, ambayo ni 4,400, ndiyo 10,400 kamili. Kwa namna ya kwanza ungepata 12,400. Kwa hiyo Mei ulistahili 24,000, nao wamekupa 22,800. Upungufu ni 1,200. Gawanya 1,200 kwa zile 120,000 zilizozidi 500,000, unapata asilimia 1 barabara. Hilo ndilo la kuangalia: upungufu ukiwa ni asilimia kamili ya kipande cha juu peke yake, dalili ni kwamba ngazi ya tatu haikuingizwa kwenye mfumo wao, na kipande hicho kinalipwa kwa asilimia 4. Je, ngazi hiyo ilikuwapo tangu mwanzo au iliongezwa baadaye?

Weka mauzo ya kila mwezi kwenye safu ya B, na kwenye safu ya pembeni andika hivi:

```
=B2*3% + MAX(0,B2-200000)*1% + MAX(0,B2-500000)*1%
```

Linganisha na kamisheni iliyolipwa, wala usikokotoe kwa ile 3.7% waliyoiandika pembeni. Hiyo imekadiriwa hadi desimali moja: 22,800 kwa 620,000 ni asilimia 3.677, na ukizidisha kwa 3.7% utapata 22,940, uanze kukimbizana na shilingi 140 zisizokuwapo.

NahodhaMstaafu

Bi Hesabu, kwa heshima, sikubali. Mkataba unasema "asilimia 5 kwa mauzo yanayozidi 500,000". Mauzo ya mwezi yamezidi 500,000. Wapi pameandikwa neno "kipande"?

BiHesabu_Shela

Na wapi pameandikwa neno "yote", Mzee? Maneno yanabeba maana zote mbili. Mimi nasema tu kwamba wakala amepokea malipo kwa namna moja mwezi baada ya mwezi bila kupinga, na hilo watamkumbusha.

Karani_Langoni

Nawasalimu kutoka Lamu. Turudi kwenye swali la kuzitoa tarakimu, kwa sababu hapo ndipo mimi nilipoungua.

Mwaka 2019 nilikuwa wakala wa magodoro wa kampuni moja ambayo sitaitaja. Nilitumia Tabula, nikachagua eneo la jedwali kwenye kila ukurasa, nikatoa CSV, na kila kitu kikaonekana safi. Nikajumlisha mauzo, nikakokotoa kamisheni, nikadhani nawadai shilingi elfu 46 na ushei. Niliandika barua kali, nikavuka hadi Mokowe, nikapanda basi mpaka ofisini kwao. Mhasibu alikuwa mama mtaratibu sana. Alifungua taarifa ya kwanza mezani, akaweka kidole juu ya mstari wa kwanza wa ukurasa wa pili, akaniuliza, "Baba, huu ni mstari gani?" Umeandikwa "Jumla iliyoletwa". Kila ukurasa ulianza kwa jumla ya ukurasa uliotangulia, na mimi nilikuwa nimeihesabu kama ankara. Taarifa ya kurasa tatu ilikuwa na mistari miwili ya namna hiyo, na ule wa ukurasa wa tatu ulibeba kurasa mbili zote zilizotangulia.

Lililoniuma zaidi ni kwamba kosa la kweli lilikuwapo. Magodoro yaliyouzwa mwezi wa mauzo madogo kisha yakarudishwa walikuwa wakiyakata kwa kiwango cha juu, ilhali kamisheni yake nililipwa kwa kiwango cha chini. Ilikuwa shilingi 3,150. Baada ya aibu ile hakuna aliyetaka kunisikiliza tena. Tangu siku hiyo mimi huandika kwa mkono, na mwanangu huandika nakala ya pili bila kuiona yangu, kisha tunazilinganisha.

BiHesabu_Shela

Pole sana, Bwana Karani, lakini Tabula haikukosea, ilitoa kilichokuwapo. Kinga yake ni kujumlisha mistari ya kila taarifa na kuilinganisha na jumla iliyochapishwa mwisho kabla ya kugusa kiwango chochote. Ingetofautiana tangu taarifa ya kwanza.

Kwa Bwana Kaskazi, zile 14 ningezitoa kwa Tabula, kwa kuwa inafanya kazi kwenye kompyuta yako mwenyewe na taarifa hazitoki nje. Jedwali likiwa na mistari iliyochorwa chagua Lattice, likiwa na nafasi tupu tu chagua Stream. Ukiwa na Microsoft 365 ya Windows, Data > Get Data > From File > From PDF inafaa vilevile, ila wakati mwingine huleta kurasa kama majedwali tofauti, na hapo utayaunganisha mwenyewe. Zile nne za skani, Tabula haitaona kitu. Hizo kurasa 16 mpe yule kijana, ambazo kwa bei yake ni 2,400.

Na angalia mali iliyorudishwa. Baadhi ya mifumo huandika 4,850- na alama ya kutoa ikiwa nyuma. Excel ikiichukua kama maandishi, SUM huiruka bila kulalamika, na mauzo yako yanavimba. Utaitambua kwa kuwa hukaa upande wa kushoto wa kisanduku wakati tarakimu nyingine ziko kulia.

Karani_Langoni

Kijana aandike mara mbili, siku mbili tofauti. Hapo sibadiliki.

KaskaziMambrui

Nimeutazama mkataba tena. Ngazi ya tatu iliongezwa kwa barua ya tarehe 1 Machi 2024. Tangu hapo nimevuka 500,000 mara mbili tu, Mei na Juni. Lakini barua haisemi kama tarehe inayohesabiwa ni ya ankara au ya mteja kulipa, na ankara kubwa ya Juni ililipwa Julai.

NahodhaMstaafu

Tarehe ya ankara, bila shaka. Uliuza siku uliyouza.

BiHesabu_Shela

Si bila shaka, Mzee. Tazama kwenye taarifa zako za nyuma, Bwana Kaskazi, ankara ya mwisho wa mwezi iliyolipwa mwezi uliofuata iliingizwa wapi. Ukipata tatu au nne zilizoingia mwezi ule ule, utajua desturi yao. Na ndiyo maana unahitaji mistari yote, si jumla peke yake, kwa sababu ankara moja ikihama mwezi inaweza kuushusha mwezi mzima chini ya 500,000.

KaskaziMambrui

Nitaanza na Machi hadi Juni 2024 kwa Tabula leo usiku, umeme ukiruhusu. Kijana nimemwambia asubiri.

Wakala_Barani

Hiyo Tabula inafanya kazi kwenye simu?